Kukataa Mwaliko wa Kikao Bila Kumkataa Aliyetualika



Mwaka jana, mwenyekiti wa kamati moja ya parokia alitualika sisi mafrateri watatu kwenye kikao cha maandalizi ya semina ya vijana. Siku ileile tulikuwa na zamu ya kupokea wageni seminarini, nasi tulijua tangu mwanzo kwamba hatutapata ruhusa. Hata hivyo tuliona aibu kumwambia mama mtu mzima kwamba hatuji. Tukamjibu: "Asante sana Mama, tutajitahidi, Mungu akipenda."

Siku ya kikao wajumbe walitusubiri saa nzima. Wawili kati yao walikuwa wametoka kigango cha mbali kwa pikipiki, na nauli yao ilitoka mfukoni mwao. Ajenda iliyotuhusu haikujadiliwa, kwa kuwa kila mtu aliamini kwamba tuko njiani. Tulipokwenda kuomba radhi, Mama Mwenyekiti hakutugombeza. Alisema tu: "Wanangu, mngeniambia hamji, ningepanga mengine."

Maneno hayo yametufundisha jambo moja ambalo tungependa kuwashirikisha wasomaji wetu, hasa walelewa wenzetu ambao ratiba yao hawaipangi wenyewe. Anayeitisha kikao anahitaji kujua mambo mawili: kama utakuwepo, na kama haupo, sehemu yako ya kazi itafanyikaje. Jibu la heshima ni lile linalompa yote mawili mapema.

"Tutajitahidi" si jibu

Darasani, katika somo la Mantiki, tunajifunza kwamba kati ya kauli na kinyume chake halisi hakuna njia ya tatu. Ama tutakuwepo Alhamisi saa kumi jioni, ama hatutakuwepo. "Tutajitahidi" inaonekana kama njia ya tatu, lakini inaeleza nia yetu tu, na mwenyekiti hawezi kupanga viti wala ajenda kwa nia. Mbaya zaidi, sisi tuliposema "tutajitahidi" tulimaanisha hapana, naye akasikia ndiyo. Hakukosea: kwa desturi yetu mtu aliyesema hivyo husubiriwa.

Kuna wakati hatujui kweli, kwa mfano ruhusa ya Gambera inapokuwa haijatoka. Hapo jibu la haki ni kusema hivyohivyo, na kutaja siku ya kutoa jibu la mwisho: "Tumeomba ruhusa. Tutakujibu Jumanne jioni. Tusipopata ruhusa, tutaleta maoni yetu kwa maandishi." Jumanne jioni ikifika, jibu litoke, hata kama ni hapana.

Wakati mwingine au maandishi?

Mwaka huu tulialikwa tena, na mama yuleyule. Safari hii ilikuwa kamati ya jubilei ya parokia yao, itakayoadhimishwa Jumapili tarehe 23 Novemba, Sherehe ya Kristo Mfalme. Kikao kilipangwa Alhamisi tarehe 16 Oktoba saa kumi jioni. Kesho yake asubuhi tulikuwa na jaribio la Mantiki, na ruhusa ya kutoka siku ya masomo haikuwezekana.

Rasimu yetu ya kwanza iliomba kikao kihamishiwe Jumamosi. Tulimwonesha mlezi wetu, naye akauliza swali moja: "Kikao kina wajumbe wangapi?" Walikuwa kumi na wanne, wengine wakitoka vigangoni. Akasema: "Kwa hiyo watu kumi na mmoja wabadilishe safari zao kwa ajili yenu watatu?"

Tangu hapo tunapima hivi. Kikao kikiwa cha watu wawili au watatu, na sisi tumo, ni halali kuomba muda mwingine, kwa kuwa bila sisi hakuna kikao. Kikao kikiwa cha wengi, tunawaacha wakutane kama walivyopanga, na sisi tunapeleka sehemu yetu kwa maandishi. Likibaki jambo linalohitaji mazungumzo ya ana kwa ana, tunaomba muda kwa ajili ya jambo hilo peke yake, pamoja na wale tu linaowahusu.

Ajenda za kikao kile zilizotugusa zilikuwa tatu: mafunzo ya watumishi wa altare, nyimbo za Misa, na gharama za mavazi ya watumishi. Mbili za kwanza tuliweza kuzijibu kwa kalamu. Ya tatu ilihitaji kuulizana, kwa sababu hatukujua parokia ina mavazi mangapi wala yako katika hali gani. Basi tuliandika hivi, siku sita kabla ya kikao:

*"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Mwenyekiti. Tunakushukuru kwa kutualika kwenye kikao cha Alhamisi tarehe 16 Oktoba saa 10 jioni. Kwa masikitiko hatutaweza kufika, kwa kuwa tuna jaribio kesho yake asubuhi. Tunaomba kikao kiendelee kama kilivyopangwa.*

*Ajenda ya 1: Tuko tayari kuwafundisha watumishi wa altare Jumamosi tatu, tarehe 25 Oktoba, 8 Novemba na 15 Novemba, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 10 jioni. Tarehe 1 Novemba tumeiacha kwa sababu ni Sherehe ya Watakatifu Wote.*

*Ajenda ya 2: Tunaomba kwaya itupatie orodha ya nyimbo kabla ya tarehe 1 Novemba, ili watumishi wazoee mahali pa maandamano. Uchaguzi wa nyimbo tunawaachia kwaya na Baba Paroko.*

*Ajenda ya 3: Kuhusu mavazi, tungependa kuyaona kwanza. Tunaweza kuja Jumamosi tarehe 18 Oktoba saa 9 alasiri, au Jumapili tarehe 19 Oktoba saa 5 asubuhi, tukutane nawe na mlezi wa watumishi tu.*

*Tunaomba Katibu asome maelezo haya kikaoni. Uamuzi wa kamati tutaufuata. Tafadhali utujulishe kufikia Jumatano ni muda upi unaofaa. Wanao, mafrateri."*

Wasomaji wataona kwamba neno "hatutaweza kufika" limo katika sentensi ya pili baada ya salamu. Desturi yetu hudai salamu na shukrani kwanza, na ni vema, lakini aya tatu za salamu kabla ya hapana humfanya msomaji adhani ni ndiyo. Sababu tumetaja moja, kwa ufupi. Tungetaja tatu, zingeonekana kama visingizio, na mama angeweza kuanza kuzitatua moja moja: "Basi njooni nusu saa tu." Na kama sababu ni ya siri, kwa mfano ugonjwa au jambo la familia, inatosha kusema "tuna wajibu mwingine tusioweza kuuahirisha". Sababu ya uongo isitumike kamwe. Mjini kwetu watu wanafahamiana, na uongo wa kikao hugundulika sokoni.

Nyakati tulizopendekeza zina siku, tarehe na saa pamoja na neno la sehemu ya siku. "Jumamosi ijayo" kwa mmoja ni keshokutwa, kwa mwingine ni wiki inayofuata. Saa nayo hupotosha, hasa mwalikwa akiwa mgeni anayehesabu saa kwa mtindo wa Kizungu: kwake "saa nne" ni jioni, kwetu ni asubuhi au usiku. Kwa mtu kama huyo tunaongeza tarakimu za saa ishirini na nne, tukiandika "saa 10 jioni, yaani 16:00".

Tulitoa nyakati mbili, kwa makusudi. Wakati mmoja pekee unasikika kama amri. "Wakati wowote" ni maneno ya upole yanayomrudishia mwenzako kazi yote ya kupanga, na kwetu sisi hata si kweli, kwa kuwa jioni tuna Masifu na baadaye saa za kujisomea.

Jibu lilikuja Jumatatu. Mama aliandika kwamba Jumapili tarehe 19 haifai, kwa kuwa ni Jumapili ya Kimisioni na parokia nzima ina shughuli. Hilo tulipaswa kulijua sisi wenyewe; tuliangalia ratiba ya seminari tukasahau kalenda ya liturujia. Lakini Jumamosi aliikubali. Kamati ilikaa Alhamisi bila sisi, Katibu akasoma maelezo yetu, wajumbe wakapunguza Jumamosi tatu kuwa mbili kwa sababu ya mitihani ya watoto. Jumamosi tuliyakagua mavazi pamoja, na kazi ikaisha kabla ya Masifu ya jioni.

Maandishi yanapokuwa hayatoshi

Karatasi hupeleka maoni, lakini haipigi kura. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unalisema hili waziwazi kuhusu uchaguzi. Kanuni ya 167 inawapa haki ya kupiga kura wale waliopo siku na mahali vilivyotajwa katika mwito, na inazuia kura kwa barua au kwa mwakilishi, isipokuwa katiba ya chombo husika imeruhusu. Kanuni hiyohiyo inamkumbuka mgonjwa: akiwa ndani ya nyumba ileile unapofanyika uchaguzi, lakini hawezi kufika ukumbini, wasimamizi wa kura wamfuate wakachukue kura yake ya maandishi. Nayo kanuni ya 119 inadai wengi wa wanaopaswa kuitwa wawe wamehudhuria. Barua yetu nzuri haiwezi kujaza kiti kwenye hesabu hiyo ya akidi.

Kwa hiyo, mwaliko ukitaja uchaguzi, tunasoma kwanza katiba ya chama au ya chombo hicho. Kama hairuhusu kura ya barua, tunamwambia mwenyekiti mapema kwamba hatutakuwepo, ili ajue kama akidi itatimia. Kunyamaza hapa kunaweza kuwarudisha wote nyumbani bila uchaguzi.

Aina nyingine ya kikao kisichobebwa na maandishi ni cha kupatanisha. Watu wawili wa jumuiya wamegombana, nasi tumeitwa kuwa mashahidi. Neno lililoandikwa halina sauti wala uso, na aliyeumia atalisoma kwa maumivu yake. Hapo tunaomba muda mwingine, hata kama ni wa mbali, kuliko kutuma karatasi.

Mwisho, tutofautishe mwaliko na wito. Gambera au mlezi akituita ofisini, hatumpendekezei nyakati mbili. Tunakwenda, na kama kuna kikwazo cha kweli, tunakieleza na kumwachia yeye aamue.

Jubilei bado haijafika tunapoandika makala haya. Watumishi wa altare wameshahudhuria mafunzo ya kwanza, na Mama Mwenyekiti ametualika kwenye kikao kingine. Tarehe tumeiangalia katika kalenda zote mbili, ruhusa tumeomba, na tumemwambia kwamba jibu letu atalipata Jumanne jioni.