Kurasa Tano za Katikati

“Niangalizie spelingi tu, dada. Kitabu chenyewe kimekwisha.” Ujumbe wa namna hii hunifikia karibu kila mwezi, na mara nyingi umeambatanishwa na faili la kurasa mia mbili. Anayeutuma hana nia mbaya. Ameandika usiku baada ya kazi, amesoma na kurudia, naye anaamini kilichobaki ni kufuta vumbi. Lakini katika sentensi hiyo moja zimo kazi mbili tofauti, na ugomvi mwingi wa malipo kati ya mhariri na mwandishi huanzia hapo.

Kazi ya kwanza ni uhariri wa lugha. Hufanywa kwenye mswada, kabla haujapangwa kurasa: upatanisho wa ngeli, alama za uakifishaji, maneno yaliyokosewa, jina la mhusika lililobadilika njiani, mambo yanayopingana. Ya pili ni kusoma prufu, nayo hufanywa baada ya mpangaji kurasa kumaliza kazi yake. Msoma prufu hutazama kilichoharibika wakati wa kupanga: mstari uliopotea, namba ya ukurasa isiyolingana na yaliyomo, neno lililokatwa pasipostahili mwishoni mwa mstari. Hili la mwisho linatuumiza sana sisi wa Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo “wanafunzi” hukatwa wa-na-fu-nzi. Kompyuta iliyoachwa kwenye kanuni za Kiingereza hukata “wanaf-unzi”, na kitabu kizima kinatoka hivyo bila mtu kujua chanzo chake.

Anayeomba prufu kwa mswada mbichi, basi, anaomba uhariri kwa bei ya prufu. Njia ya kulimaliza jambo hili bila kuvunjiana heshima ni jaribio. Namwomba mwandishi anitumie mswada wote, nachukua kurasa tano za katikati, nazihariri, kisha namrudishia pamoja na bei. Nachagua za katikati kwa sababu sura ya kwanza kila mtu ameisugua mara kumi na kuwasomea rafiki zake. Katikati ndipo mwandishi alipoandika akiwa na haraka, na ndipo lugha yake halisi inapoonekana.

Hiki hapa ni kipande nilichokitunga mfano wa ninavyovipokea:

“Ilipofika saa 8 asubuhi Bi Mwanaidi alifungua duka, akapanga mezani vitambaa ambavyo mdogo wake alivileta kutoka Tanga na ambazo bado hazijalipiwa. ‘Wataka kununua, au wataka kunichosha?’ alimuuliza mteja wa kwanza. Mteja akacheka, akasema mahari pale ndio pekee panapouzwa kitu chenye samani.”

Kompyuta inayokagua tahajia itakipitisha chote, maana hakuna neno hata moja lisilokuwamo kwenye kamusi. Mahari ipo, lakini hapa palitakiwa mahali. Samani zipo, ni vitanda na makabati, lakini mteja alikuwa anasema thamani. Makosa haya hutoka mdomoni kuingia kwenye karatasi: anayechanganya r na l, au th na s, anapoongea, huandika anavyosikia. Ndiyo maana kura hugeuka kula, na kalamu hugeuka karamu. Hakuna dawa yake ila jicho la mtu anayesoma maana.

Kosa la vitambaa limejificha vizuri zaidi. Sentensi imeanza sawasawa na “ambavyo”, lakini ilipofika Tanga na kurudi, mwandishi ameshasahau ngeli, akaandika “ambazo bado hazijalipiwa” badala ya “ambavyo bado havijalipiwa”. Upatanisho huvunjika mbali na nomino yake, mara chache sana huvunjika karibu. Mhariri mzoefu akiona sentensi ndefu, hurudi nyuma kutafuta mwenye sentensi. “Ndio” nayo inataka kuwa “ndipo”, kwa kuwa tunazungumzia pahali.

Saa 8 asubuhi haipo kwetu. Hiyo ni saa 2 iliyosomwa moja kwa moja kutoka kwenye uso wa saa, kosa la mtu anayefikiri kwa lugha mbili au anayetafsiri. Hapa nabadilisha, kisha naweka dokezo pembeni: “Nimeweka saa 2. Tafadhali hakikisha, maana sura ya 7 inasema duka hufunguliwa saa 3.” Kubadilisha kimyakimya jambo linalogusa kisa ni kosa, hata kama umepatia.

Imebaki “wataka”. Mtahiniwa wa uhariri akiigeuza kuwa “unataka”, mimi namkata alama nyingi kuliko aliyeipita samani. Bi Mwanaidi ni mtu wa pwani na anaongea kama watu wa pwani. Usanifu wa Kiswahili ni wa msimulizi. Midomo ya wahusika ni mali yao. Mchapishaji anayetunga jaribio la kuajiri mhariri aweke vitu vya namna hii makusudi, sentensi tatu au nne zisizo na kosa lolote ila zinazomshawishi mtu kuzigusa. Makosa yaliyopatikana yanaonyesha jicho. Sentensi zilizoachwa zinaonyesha sikio.

Nilijifunza kuacha kwa kuharibu. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa riwaya ambayo mwandishi wake alijibu “ndio” kila mahali palipotaka “ndiyo”. Nikaiamuru kompyuta ibadilishe zote kwa mpigo. “Wao ndio waliokuja”, iliyokuwa sahihi kabisa, ikawa “wao ndiyo waliokuja”, na katika sura ya harusi akina mama walijifunika mitandiyo. Nililala siku mbili nikirudisha moja moja. Tangu hapo kila badiliko nalipitia kwa macho, nalo lazima lionekane kwa mwandishi ili aweze kulikataa.

Jaribio lina upande wake mchungu, nao nimeuonja. Mchapishaji mmoja aliwahi kututumia jaribio watu kadhaa, sura nzima kila mtu, akitafuta mhariri wa kudumu. Hakuna aliyeitwa. Baadaye tulipokutana na kuulizana, tukagundua kila mmoja alikuwa amepewa sura tofauti ya kitabu kilekile. Hapo ndipo pa kutazama: jaribio la kweli huwa ni maandishi yaleyale kwa watu wote, kwa sababu bila hivyo huwezi kuwalinganisha. Ukisikia mwenzako amepewa sura ya 4 na wewe umepewa ya 5, hiyo ni kazi na mnaifanya bure. Mimi nimejiwekea mpaka wa saa moja. Jaribio likizidi hapo, nalipwa.

Saa hiyo moja ndiyo inayonipa bei. Waandishi wengi huuliza bei kwa neno, mtindo uliotoka kwenye Kiingereza, na kwa Kiswahili mtindo huo una kasoro. “Hatukuwatarajia” ni neno moja kwetu. Mwingereza atahitaji maneno matano kusema jambo hilohilo. Ndani ya neno letu kuna ukanushi, nafsi mbili na wakati, na mhariri anakagua vyote hivyo. Ukichukua bei ya neno la Kiingereza ukaibandika kwenye mswada wa Kiswahili, umemlipa mtu pungufu kwa kazi ileile. Wajerumani, ambao nao wana maneno marefu, huhesabu ukurasa wa kawaida wa mistari 30 yenye nafasi 60 kila mmoja, yaani herufi 1,800 pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno. Warusi huhesabu kwa karatasi ya mwandishi yenye herufi 40,000. Mimi nimeuchukua ukurasa wa 1,800, kwa kuwa kompyuta yoyote inaonyesha hesabu ya herufi na hakuna anayeweza kuubana kwa kupunguza ukubwa wa maandishi.

Tuseme mswada una herufi 324,000. Gawanya kwa 1,800, unapata kurasa 180. Kurasa tano za jaribio zimenichukua dakika 50, maana yake kurasa sita kwa saa, hivyo msomo wa kwanza ni saa 30. Msomo wa pili, baada ya mwandishi kujibu madokezo, huenda kasi mara mbili: saa 15. Kuandikiana na kupanga madokezo, saa 5. Jumla ni saa 50.

Bei ya saa kila mhariri aitafute kwa maisha yake mwenyewe. Hakuna anayehariri vizuri saa nane kwa siku. Baada ya tano macho yanasoma kilichotakiwa kuwapo badala ya kilichoandikwa. Saa tano kwa siku 20 ni saa 100 kwa mwezi. Anayehitaji shilingi 1,000,000 za Tanzania kwa mwezi, saa yake ni shilingi 10,000, na mswada wetu ni shilingi 500,000, kama shilingi 2,800 kwa ukurasa. Huu ni mfano wa hesabu. Aliye Mombasa ataweka namba zake na mwenye watoto wanne ataweka zake. Nchini Uingereza chama cha wahariri na wasoma prufu hutangaza viwango vya chini vinavyopendekezwa kwa saa, navyo hutofautisha prufu na uhariri.

Mwandishi akisema hana pesa hiyo, namwamini, na sipunguzi bei ya saa. Tunapunguza saa. Namrudishia kurasa tano zilizohaririwa na karatasi ya maamuzi: majina yote ya wahusika na tahajia yake, “kwa hiyo” kuandikwa mbali, saa na miaka kwa tarakimu, kamusi tutakayoifuata pale tahajia zinapotofautiana, iwe Kamusi ya Kiswahili Sanifu au Kamusi Kuu ya BAKITA. Yeye mwenyewe anaupitia mswada wote kwa karatasi hiyo, akiusoma kwa sauti. Wapo waliourudisha mswada nikaweza kurasa tisa kwa saa badala ya sita, na msomo wa kwanza wa saa 30 ukashuka hadi 20. Hizo ni shilingi 100,000 alizozipata kwa jasho lake.

Kwa miswada ya Kiingereza ya waandishi wetu hesabu ni hiyohiyo, ila makosa yana sura nyingine. “Yeye” wetu hana jinsia, kwa hiyo mama wa ukurasa wa 60 anaweza kugeuka mwanamume ukurasa wa 61. Pia lazima mkubaliane mapema kama ni tahajia ya Uingereza au ya Marekani, maana waandishi wengi hapa huzichanganya.

Mkataba wetu huwa ukurasa mmoja: aina ya kazi, idadi ya herufi, misomo miwili, nusu ya malipo mwanzoni na nusu siku ya kukabidhi, na neno la mwisho ni la mwandishi. Kama atataka na prufu, inaandikwa kando kwa bei yake. Prufu ya kwanza nasoma kitabu chote. Ya pili nasoma kurasa zilizosahihishwa, pamoja na iliyo kabla na iliyo baada ya kila moja, kwa sababu mstari ulioongezwa ukurasa wa 41 husukuma mwingine ukurasa wa 42.