Wiki nne za kuielewa benki

Wanafunzi wengi wa uchumi mpana huingia kwenye mtihani wa fedha na benki na fomula moja kichwani: gawanya moja kwa uwiano wa akiba. Benki zikitakiwa kutunza asilimia 10 ya amana, wanaandika kwamba kila shilingi ya Benki Kuu huzaa shilingi kumi. Hapo ndipo alama zinapopotea.

Wiki ya kwanza weka fomula kando, uchore mizania. Upande mmja ni mali za benki, yaani akiba na mikopo. Upande wa pili ni amana na mtaji. Mteja akiweka shilingi 100 taslimu, akiba na amana zote hupanda kwa 100, lakini ujazi wa fedha haubadiliki, maana noti zimetoka mfukoni na kugeuka amana. Fedha mpya huzaliwa benki inapokopesha, pale inapoandika mkopo upande mmoja na amana ya mkopaji upande wa pili. Rudia miamala ya namna hiyo mpaka pande zote zilingane bila kubabaika.

Wiki ya pili ndiyo ya kizidisho. Tuseme amana ni bilioni 1,000, akiba bilioni 100, na wananchi wanashika noti za bilioni 400. Fedha za msingi ni noti jumlisha akiba: bilioni 500. Ujazi wa fedha ni noti jumlisha amana: bilioni 1,400. Kizidisho basi ni 2.8, si 10, kwa sababu noti zilizo mikononi mwa watu haziwezi kukopeshwa na benki. Sasa watu waingiwe na hofu, washike senti 80 za noti kwa kila shilingi ya amana badala ya 40. Kizidisho hushuka hadi 2, na ujazi wa fedha hadi bilioni 1,000, ingawa Benki Kuu haijagusa kitu. Marekani iliyaona haya benki zilipoanguka kati ya 1930 na 1933.

Wiki ya tatu geukia riba. Tangu Januari 2024, Benki Kuu ya Tanzania huongoza sera kwa riba badala ya kulenga kiasi cha fedha. Ikishikilia riba, inalazimika kuongeza au kupunguza akiba kadiri benki zinavyohitaji. Kizidisho hakiendeshi tena mambo. Kwenye mchoro, mstari wa LM hulala.

Wiki ya nne fanya mitihani iliyopita kwa saa, na kando ya kila kosa andika chanzo chake: mizania, kizidisho au riba. Malizia na swali hili: uwiano wa akiba ukishushwa huku riba ikishikiliwa palepale, ujazi wa fedha utapanda? Anayekimbilia kizidisho atajibu ndiyo papo hapo. Aliyepita wiki zote atauliza kwanza Benki Kuu itazifanya nini akiba zilizozidi. Ikizinyonya ili riba isishuke, sehemu kubwa ya ongezeko hilo haitaonekana.