Sera ya Kunakili Humuumbua Mwenye Duka

Duka dogo la kanga la Mombasa liko tayari kufunguliwa mtandaoni. Picha zipo, bei zipo, malipo ni kwa M-Pesa. Sera ya faragha imenakiliwa kutoka tovuti ya ng'ambo, nayo inaahidi kwamba taarifa za mteja hapewi mtu mwingine yeyote. Uongo huo utajitokeza oda ya kwanza ikiingia, maana jina, simu na mtaa wa mteja vitakwenda kwa mwendesha bodaboda.

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mteja aambiwe taarifa zake zinachukuliwa kwa nini na nani mwingine atazipata. Kwa hiyo kazi huanzia kwenye fomu ya oda. Kila kisanduku kiulizwe: hiki ni cha nini, kinakwenda kwa nani, kitafutwa lini? Cha tarehe ya kuzaliwa hakina jibu, kiondolewe. Majibu yanayobaki ndiyo sera yenyewe.

Tangazo la vidakuzi lina mtego wake. Mara nyingi kitufe cha "Kataa" ni pambo tu. Ili kupima, fungua tovuti kwa Chrome katika dirisha la faragha, usiguse tangazo, kisha bonyeza F12, ingia `Application`, halafu `Cookies`. Ikionekana `_ga` au `_fbp`, vifuatiliaji vya Google au Facebook vimeshaanza kazi kabla mgeni hajakubali.

Masharti ya mauzo yanaweza kuwa mafupi: kanga ikifika na doa, nani analipia kuirudisha, na ndani ya siku ngapi.