Mistari mitano ya kumtania mchelewaji

Kila kundi la marafiki lina mtu wake. Akipigiwa simu anasema yuko njiani, na nyuma ya sauti yake maji ya kuoga yanasikika yakimwagika. Kumgombeza hakusaidii, ameshazoea. Mistari mitano yenye vina, ikisomwa mbele za watu, humwingia zaidi.

Umbo linalofaa kazi hiyo ni limeriki, utungo mfupi wa kuchekesha wenye jina la mji wa Ayalandi. Mstari wa kwanza, wa pili na wa tano huwa mirefu na hubeba kina kimoja. Wa tatu na wa nne huwa mifupi na hubeba kina kingine. Mwingereza Edward Lear aliueneza kwa kitabu cha tungo za upuuzi alichokichapisha mwaka 1846. Ila alikuwa na mazoea ya kumalizia mstari wa tano kwa neno lile lile la mstari wa kwanza. Katika kumtania mtu, hapo ndipo kicheko kinapofia, kwa sababu msikilizaji amerudishwa alikotoka.

Kwa Kiingereza umbo hili hupimwa kwa mikazo ya sauti. Sisi tuna mizani, na hesabu ya 11, 11, 8, 8, 11 inakaa vizuri mdomoni. Huu hapa mfano:

Jamaa mmoja kule Tandika,
Kila akipigiwa, "Ndo nafika!"
Mkononi ana kadi,
Kwapani ana zawadi,
Na sherehe imeshamalizika.

Mizani imetimia na vina vimekubali, lakini hakuna anayecheka. Mstari wa mwisho umesema jambo ambalo kila mtu alishalijua: mchelewaji amekuta watu wameondoka. Hiyo ni taarifa tu. Mtunzi mwenye hasira angeweza kuandika "Na watu wote wamekasirika". Mizani ni 11 vilevile, ila utani umegeuka lawama, na wageni wataanza kutazama sahani zao.

Sasa mstari huo ubadilishwe hivi:

Na bibi harusi keshaachika.

Hapa saa mbili za kuchelewa zimevutwa zikawa miaka. Watu wameoana, wamekosana, talaka imetoka, na jamaa bado anatafuta pa kuweka zawadi. Chumvi imezidi, lakini imetoka kwenye tabia yake halisi, ndiyo maana wanaomfahamu wanaikubali. Mistari miwili mifupi nayo imefanya kazi yake kimyakimya: kadi na zawadi zinamwonyesha akiwa nadhifu, mwenye nia njema kabisa, kwa hiyo anguko linakuwa kubwa zaidi.

Mahali pa neno nalo lina uzito. Kiswahili kingeruhusu "Keshaachika bibi harusi", na maana ingebaki ile ile. Lakini siri ingefichuka mapema, na kina kingepotea. Neno linalochekesha ndilo linalopaswa kufunga mstari.

Kuhusu vina, ushairi wetu wa kimapokeo hutosheka na silabi moja ya mwisho, hivyo "haraka" na "kumbuka" vinaweza kukaa pamoja bila ugomvi. Kwenye utani haitoshi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na sikio hushtuka pale sauti inapofanana kuanzia hapo: Tandika, nafika, keshaachika. Ndiyo maana ni rahisi kuanza na mstari wa tano, kisha kutafuta mtaa unaoendana nao. Rafiki akihamia Mbagala, "-ika" zote zinatupwa, lakini "amelala" linajileta lenyewe, na kwa mtu aliyedai yuko kwenye daladala hilo ni neno zuri sana. Akihamia Kariakoo, mtunzi ana kazi.

Utani una mipaka yake, na jamii zetu zinaijua. Babu hutaniana na mjukuu, na mtani wa kabila anaweza kufanya mzaha hata msibani bila kugombana na wafiwa, kwa sababu kila upande una haki ya kujibu. Mchelewaji naye awe mtu anayeweza kujibu. Kama anachelewa kwa kuwa anauguza mzazi, au hana nauli, mtunzi atafute kasoro nyingine.

Wakati wa kusoma, msomaji aende mbio kwenye mistari mifupi, kisha apumue kidogo kabla ya "keshaachika". Na mshereheshaji asiuweke utungo huu mwanzoni mwa ratiba. Uwekwe baada ya chakula, maana kabla ya hapo mhusika hatakuwa amefika.