Kampuni ikijiuzia bidhaa, hayo ni mauzo kweli?

Tuseme kuna kiwanda cha unga Morogoro. Kiwanda hicho kinamiliki pia kampuni ya usambazaji iliyopo Dar es Salaam, na hisa zote ni zake. Kisheria hizo ni kampuni mbili, kila moja na vitabu vyake, akaunti yake ya benki na namba yake ya mlipakodi. Lakini mwenye mali ni mmoja.

Mwaka huo kiwanda kinatengeneza unga kwa gharama ya Sh80 milioni, kisha kinamuuzia msambazaji unga wote kwa Sh100 milioni. Kwenye vitabu vya kiwanda kuna faida ya Sh20 milioni. Msambazaji naye anauza asilimia 60 ya unga huo madukani na kupata Sh78 milioni. Kwa kuwa sehemu hiyo aliinunua kwa Sh60 milioni, faida yake ni Sh18 milioni. Unga uliobaki stoo anauandika kwa bei aliyonunulia, Sh40 milioni.

Sasa mhasibu asiye makini akijumlisha tu, anapata mauzo ya Sh178 milioni na faida ya Sh38 milioni. Inapendeza kwa macho, hasa kwa bosi anayetafuta mkopo benki. Tatizo ni kwamba wateja wa nje wametoa Sh78 milioni tu. Zile Sh100 milioni zilitoka mfuko wa kushoto zikaingia mfuko wa kulia wa suruali ileile.

Ndiyo maana kiwango cha kimataifa cha IFRS 10 kinataka kampuni mama na kampuni tanzu zitoe hesabu za pamoja kana kwamba ni biashara moja, na miamala yote ya ndani iondolewe.

Kuondoa mauzo ni rahisi: Sh178 milioni toa Sh100 milioni, zinabaki Sh78 milioni. Upande wa gharama ndiko watu hukwama. Kiwanda kiliandika Sh80 milioni na msambazaji Sh60 milioni, jumla Sh140 milioni. Ukitoa manunuzi ya ndani ya Sh100 milioni, zinabaki Sh40 milioni. Hapo bado. Unga ulio stoo umeandikwa Sh40 milioni, wakati kundi zima liliutengeneza kwa asilimia 40 ya Sh80 milioni, yaani Sh32 milioni. Hizo Sh8 milioni za ziada ni faida ambayo hakuna mteja aliyeilipa. Zinapunguzwa kwenye thamani ya stoo na kuongezwa kwenye gharama, ambayo sasa inakuwa Sh48 milioni.

Faida halisi ya kundi basi ni Sh30 milioni, si Sh38 milioni. Njia ya kuhakiki ni fupi: unga uliofika madukani uligharimu asilimia 60 ya Sh80 milioni, yaani Sh48 milioni, na uliingiza Sh78 milioni. Hesabu zimekutana.

Faida hiyo ya Sh8 milioni haijapotea. Mwaka unaofuata msambazaji akimaliza kuuza unga ule nje, itahesabiwa kwenye mwaka huo.

Madeni nayo yanafuata njia hiyohiyo. Kama msambazaji bado anadaiwa Sh30 milioni na kiwanda, deni hilo linatoka kwenye mizania pande zote mbili, maana mtu hawezi kujidai mwenyewe. Na hata kama kiwanda kingemiliki asilimia 70 tu ya msambazaji, mauzo ya ndani yangeondolewa yote, si asilimia 70 yake.

Kasheshe huanza pale pande mbili zisipolingana. Lori limetoka Morogoro Desemba 31, kiwanda kimeshaandika mauzo, lakini msambazaji amepokea mzigo Januari 2. Mmoja anasema anadai Sh30 milioni, mwingine anasema anadaiwa Sh25 milioni. Tofauti hiyo lazima itafutwe na kurekebishwa kwanza. Kuizika kwenye akaunti ya "mengineyo" ni kualika maswali ya mkaguzi.

Ikumbukwe kwamba marekebisho haya hufanyika kwenye karatasi ya kuunganisha hesabu tu. Vitabu vya kila kampuni haviguswi, hivyo kazi hii hurudiwa kila mwaka. TRA nayo huitoza kila kampuni kodi kivyake, kwa hiyo ile Sh20 milioni ya kiwanda inabaki kuwa faida mbele ya mtoza kodi.

Ukifungua ripoti ya mwaka ya kampuni iliyoorodheshwa soko la hisa, mara nyingi utakuta safu mbili, moja ya kundi na nyingine ya kampuni mama pekee. Mauzo ya kundi yakiwa madogo kuliko jumla ya mauzo ya kampuni zake, usishtuke. Tafuta maelezo ya mapato kwa sekta: humo kwa kawaida kuna mstari wa mauzo ya ndani yaliyoondolewa, na ndio unaoonyesha ni kiasi gani kundi hilo lilijiuzia lenyewe.