Jenereta mbili zisaidiane, zisiangushane

Mwenye duka anayelipwa kwa simu hutegemea jenereta asizoziona: zile za kituo cha kompyuta kinachotunza hesabu za malipo hayo.

Chukua mfano wa kituo chenye jenereta mbili, kila moja ya kilowati 160. Kompyuta zinakula kilowati 100, mitambo ya kuzipoza 50 na ofisi 40, jumla 190. Jenereta moja haitoshi, hivyo zote mbili huunganishwa zibebe mzigo pamoja.

Umeme wa gridi ukikatika, betri hushikilia kompyuta kwa dakika chache na jenereta zote huwaka. Ya kwanza kufikia volti na kasi inayotakiwa huingia kwenye laini. Ya pili husubiri mpaka mawimbi ya umeme wake yalingane na ya mwenzake, kwani ikiungwa mapema mshtuko unaweza kuharibu shafti. Ndipo swichi ya chenji-ova huhamisha mzigo wote kutoka gridi.

Balaa huja moja inapozimika ghafla. Iliyobaki inaelemewa, mita inashuka chini ya hezi 50, nayo inajizima. Kituo kizima kinalala.

Kinga ni kupanga mapema mzigo upi utoke kwanza. Kidhibiti kikikata ofisi papo hapo, hubaki kilowati 150, na jenereta moja inamudu. Wanaokata upoozaji hukosea, kwani kompyuta hupata joto kali na kujizima zenyewe.

Mpango huo hupimwa kwa kuzima jenereta moja makusudi, mzigo ukiwa kamili, betri zimejaa na gridi ipo.