Kushoto Kutulie

Ukiiagiza programu ya akili unde ikuchoree bango la juu la tovuti, usiandike "acha nafasi ya kichwa cha habari". Inaweza kujaza herufi usizozitaka. Eleza rangi zenyewe: "Mandhari dhahania, uwiano 16:9, nusu ya kushoto buluu iliyokoza, laini, bila umbo wala mistari, kuelekea kulia iyeyukie zambarau, kisha rangi ya chungwa."

Halafu weka maandishi meupe juu yake. Neno la mwisho likianza kufifia kwenye chungwa, agiza mng'ao usogee kulia zaidi.

Simu ina mambo yake: kioo kimesimama, picha hukatwa pembeni, na kule kushoto kulikotulia ndiko hupotea. Mimi huagiza picha ya pili ya wima, utulivu ukiwa juu.